Mama aliwashiwa kipandikizi cha sikio wiki 6 zilizopita, anasikia filimbi tu: kosa ni la mashine au ubongo bado unajifunza?

#1 MwanaMoro (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Mama yangu ana miaka 58 na ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwaka 2016 alitibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano za kanamaisini. Kifua kikapona, lakini masikio yote mawili yakaondoka, na tangu hapo ameishi kwa kusoma midomo na kuandikiana nasi kwenye daftari. Mwaka huu amepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio la kulia. Kidonda kilipokauka, wiki 4 baada ya upasuaji, wakamvalisha kile cha nje na kumwashia.

Sisi tulitegemea kwamba akishawashiwa atatusikia. Leo ni wiki ya 6 na anasema sauti ya baba, ambayo ni nzito, inamfikia kama filimbi inayopulizwa ndani ya pipa la bati. Anajua kwamba mtu amesema, ila hajui kasema nini. Kichwa kinamchoka haraka, kwa hiyo anakivaa kama saa 3 kwa siku, kisha anakiweka kabatini. Naomba kujua, hapa kosa ni la mashine, au ubongo bado unajifunza? Na mtu anatofautishaje?

#2 Mzee_wa_Pugu

Pole sana mwanangu. Mke wangu naye kifaa chake kilikuwa kikipiga filimbi hivyo hivyo. Tulipompelekea fundi akakuta kile kipira kinachoingia sikioni kimelegea, akambadilishia, filimbi ikaisha siku hiyo hiyo. Mwambie mama akisukume ndani vizuri.

#3 Odiolojia_Pwani

Mzee wangu, shikamoo. Kifaa cha mama mkubwa ni shimesikio, ambalo hukuza sauti na kuipitisha katika sikio lilelile, na ile filimbi hutoka kwenye kifaa chenyewe hata jirani huisikia. Alichowekewa mama wa MwanaMoro ni kitu kingine kabisa, wala hakina kipira. Filimbi anayoisikia yeye haisikiki na mtu mwingine yeyote.

MwanaMoro, nimefanya kazi ya kupima usikivu na kurekebisha vifaa hivi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa kadiri ya nilichokiona kwa wagonjwa. Ndani ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama nyumba ya konokono. Pale mlangoni mwa mfereji hupokelewa sauti nyembamba kama ya mlio wa «s», na kadiri unavyozunguka kwenda ndani ndivyo sauti zinavyozidi kuwa nzito, hadi kule mwisho ambako hupokelewa sauti kama ya ngoma. Sindano za kanamaisini huua seli zenye vinyweleo zilizopanga mstari humo, lakini neva yenyewe kwa kawaida hubaki. Kipandikizi ni uzi mwembamba wenye elektrodi, ambao daktari huusukuma ndani ya mfereji ili umeme uiguse neva moja kwa moja.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Uzi ule mara nyingi haufiki mwisho kabisa wa konokono. Sauti nzito ya baba hugawiwa kwa elektrodi iliyo ndani zaidi, lakini hiyo nayo imekaa mahali ambapo kwa miaka 50 ubongo wa mama ulipazoea kuwa ni pa sauti nyembamba kidogo. Ubongo unapokea ujumbe wa baba kwenye mlango wa mtoto, na ndiyo maana anamsikia kama filimbi. Hilo ni la kawaida katika miezi ya mwanzo, na wengi waliowahi kusikia husema sauti huanza kushuka na kufanana na za watu ndani ya miezi 3 hadi 12.

#4 Fundi_Redio

Nakubaliana na Odiolojia, ila naona anaizungusha. Mimi natengeneza redio na vikuza sauti, na mashine yoyote yenye sauti ya bati inakosa nguvu. Kifaa kina elektrodi 22, maana yake ni chaneli 22, na hizo zinatosha kabisa kwa usemi. Wamwongezee nguvu tu, ubongo utapata kitu cha kushika. Haya mambo ya ubongo kujifunza husemwa pale fundi anaposhindwa kupata hitilafu.

#5 Odiolojia_Pwani

Fundi, uko sahihi nusu, na hiyo nusu ni muhimu, kwamba kurekebisha mashine hutangulia mazoezi. Lakini chaneli 22 za redio hazichanganyikani, wakati elektrodi hizi zimekaa ndani ya majimaji yenye chumvi, na umeme wa moja humwagikia eneo la jirani yake. Ndiyo maana hata mwenye elektrodi 22 hunufaika kana kwamba ana njia takribani 8 zinazojitegemea, mahali ambapo sikio zima lina seli zipatazo 3,500 katika ule mstari unaopeleka habari kwenye ubongo. Ukiongeza nguvu ovyo, mmwagiko unazidi na maneno yanavurugika zaidi.

Kwa kila elektrodi tunatafuta viwango viwili: umeme mdogo kabisa ambao mgonjwa anautambua, na ule mkubwa ambao bado haumkeri. Viwango hivyo vikikusanywa pamoja ndiyo tunaita ramani ya kifaa, na hubadilika sana katika miezi ya mwanzo kwa sababu neva inazoea. Ndiyo sababu mama ameitwa kliniki mara kwa mara. MwanaMoro, mwangalie usoni mtu anapopaza sauti: kope la upande wa kulia likiruka au shavu likivutwa, umeme unaigusa neva ya uso na ni lazima useme kliniki. Hapo kinachotakiwa ni kupunguza, siyo kuongeza.

#6 MamaJunior77

Naomba nitoe ya kwangu. Mwanangu alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka 1, akapoteza usikivu. Tuliambiwa tuharakishe kwa sababu baada ya ugonjwa ule mfereji wa sikio unaweza kujaa mfupa na uzi ukakosa pa kupita. Alipandikizwa akiwa na miaka 2 na miezi 4.

Baada ya miezi minne alikuwa hajasema hata «mama», nami nililia. Mtaalamu wa tiba ya usemi akaniuliza, «Mtoto wa miezi minne wa jirani yako anaongea?» Nikasema hapana. Akaniambia nihesabu umri wa masikio yake kuanzia siku aliyowashiwa. Alianza kwa kugeuka nikigonga sufuria, baadaye akajua jina lake, na neno la kwanza lilikuwa «toka», alilolisikia nikimfukuza kuku jikoni. Kwa hiyo dada (au kaka), wiki 6 ni mapema mno.

#7 MwanaMoro

Ni dada. Ahsante mama Junior, nimefarijika. Ila mwanao alikuwa anajifunza lugha kwa mara ya kwanza, na mama yangu Kiswahili anakijua tangu kuzaliwa. Je, kwake haikupasa kuwa haraka zaidi?

#8 KimyaKingi

Mimi nilizaliwa kiziwi na lugha yangu ya kwanza ni Lugha ya Alama. Nilipandikizwa nikiwa na miaka 19 kwa sababu familia ilitaka. Nimekivaa kwa miaka 5 na nimefanya mazoezi yote niliyopewa. Nasikia honi, mlango, mvua juu ya bati na mtu anapoita. Usemi bila kuangalia mdomo, hapana. Kwangu ni milio inayofuatana.

Siandiki kumkatisha tamaa mtu yeyote. Naandika kwa sababu nimeona watu wakisema ubongo hujifunza daima ukipewa muda. Wangu ulipewa muda. Mama wa MwanaMoro ana kumbukumbu ya maneno kichwani, nami sikuwa nayo kwa masikio. Nilikuwa nayo kwa mikono. Tusizipime hali hizi kwa kipimo kimoja.

#9 Odiolojia_Pwani

Ahsante sana KimyaKingi. Umeeleza kitu ambacho wengi tunapaswa kukisema wazi kwa familia kabla ya upasuaji. Kwa aliyezaliwa kiziwi kuna kipindi cha utotoni ambapo njia za usikivu katika ubongo hupangika kwa urahisi, na vipimo vya mawimbi ya ubongo vinaonyesha tofauti kubwa kati ya waliopandikizwa kabla ya miaka 3 na nusu na waliopandikizwa baada ya miaka 7. Haimaanishi kwamba aliyechelewa hapati kitu, bali anachopata mara nyingi ni sauti za mazingira na msaada wa kusoma midomo. Na MwanaMoro, jibu la swali lako ni ndiyo: aliyejua kusikia hana haja ya kujenga maneno, bali kuyaunganisha maneno ya zamani na milio mipya.

#10 Mdadisi_Arusha

Hapa ndipo ninapotaka kuuliza. Niliwahi kusoma kwamba mtu akikaa kiziwi muda mrefu, sehemu ya ubongo ya kusikia hutekwa na macho. Kama ndivyo, mama huyu aliyesoma midomo tangu 2016 ameshaigawa nyumba kwa mpangaji mwingine, na kila siku anaposoma midomo anampa mpangaji huyo mkataba mpya. Si bora afungwe macho kabisa, mtu asimwonyeshe mdomo hata kidogo?

#11 Odiolojia_Pwani

Wapo wataalamu wanaosema hivyo, na kwa watoto wapo wanaofundisha kwa kutegemea sikio tu. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu wazima waliopimwa kabla na baada ya kuwashiwa, na wale ambao sehemu yao ya kusikia iliongeza mwitikio kwa usemi unaoonekana ndio waliokuwa wakielewa vizuri zaidi kwa kusikia. Yaani huenda mpangaji huyo anamfundisha mwenye nyumba. Mabishano haya hayajafungwa, nami kliniki natumia njia zote mbili: neno kwanza kwa mdomo unaoonekana, kisha lilelile bila mdomo.

#12 KimyaKingi

Na kama mama ataachwa bila midomo siku nzima, nani ataongea naye chakula cha usiku? Mazoezi ni nusu saa, maisha ni siku nzima.

#13 MwanaMoro

Nimejaribu kitu leo nikiwa nimekaa ubavuni kwake upande wa kulia, asinione mdomo. Nilimwambia nitataja siku za wiki. Alhamisi na Ijumaa alizipata mara zote. Jumamosi na Jumapili alizipata mara nyingi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano anazichanganya, na hasa Jumatatu na Jumatano alikuwa anabahatisha tu.

Kisha nikasema sauti moja moja. Nilipotamka «a», «u» na «m» aliinua mkono kila mara. «Sh» aliinua nikisogea karibu. «I» anasema ni «u», na nilipomwambia «mimi» akarudia «mumu». «S» hainui mkono kabisa, hata nikiwa hatua moja kutoka kwake. Anasema wiki ya pili alikuwa akiisikia kama mkwaruzo.

#14 Odiolojia_Pwani

Dada, umefanya kipimo kizuri kuliko unavyofikiri. Zile sauti sita, «a», «u», «i», «m», «sh» na «s», ndizo tunazotumia kila siku, na zilipendekezwa na Daniel Ling kwa sababu zinapita kutoka nzito hadi nyembamba katika usemi.

Tenganisha mambo mawili, kuipata sauti na kuitambua. Jumatatu na Jumatano mama anazipata, anajua umesema siku na neno lina silabi nne, ila anashindwa kuzitofautisha kwa sababu zimefanana hadi silabi ya tatu na zinaachana kwenye «tu» na «no» tu. Hapo ubongo unajifunza, na mazoezi yatasaidia. Lakini «s» haipati kabisa, na zamani aliipata. Ubongo haujifunzi sauti ambayo haijaufikia. Ile «i» kuwa «u» ni ushahidi uleule: sauti hizi mbili zinafanana katika sehemu yao nzito, na kinachozitofautisha ni sehemu nyembamba iliyomo ndani ya «i». Ikikosekana, «mimi» inakuwa «mumu». Upande wa sauti nyembamba umepungua, na hilo ni la mashine au la ramani. Mpeleke, usingoje miadi.

Wakati unangoja usafiri, msimzibe mdomo kwa kiganja mnapofanya mazoezi, maana kiganja hula hiyo hiyo «s» mnayoitafuta. Mama ni fundi. Chukueni ile fremu ya duara ya kutarizia, ivisheni kitambaa chepesi kama kile kinachofunika spika ya redio, mkunje mara mbili, mshike mbele ya mdomo. Mdomo hauonekani na sauti inapita.

#15 Fundi_Redio

Nilisema mimi! Mashine. Dada, kabla ya nauli ya kliniki angalia vifuniko vya maikrofoni juu ya ile sehemu inayokaa nyuma ya sikio. Jasho na vumbi la nyuzi za cherehani vikiziba pale, sauti nyembamba ndiyo hutangulia kupotea. Kwenye spika naona kila siku. Usiku mnakihifadhi wapi?

#16 MwanaMoro

Kabatini, ndani ya kopo la hereni zake. Kuna kikopo kingine kilikuja na vijipakiti vyeupe vya chembechembe, tulidhani ni vya kutupa.

#17 Odiolojia_Pwani

Fundi, safari hii nakuvulia kofia. Dada, vile vijipakiti ndivyo vinavyonyonya unyevu. Kifaa kilale humo kila usiku. Na ukifika kliniki omba wakusomee kumbukumbu ya saa za kuvaa, kwani mashine nyingi za sasa huzihifadhi zenyewe. Saa 3 kwa siku ni kidogo sana. Lengo ni muda wote akiwa macho, akipanda polepole, kwa mfano saa moja zaidi kila baada ya siku mbili, na kupumzika mahali patulivu bila kukivua.

#18 Mdadisi_Arusha

Kuhusu saa, naongeza kitu. Mwaka 2022 watafiti wa New York waliwapandikiza panya viziwi vifaa kama hivi. Panya walitofautiana sana kwa kasi ya kujifunza, ingawa vifaa vilikuwa vya aina moja. Waliposisimua kijisehemu kidogo kwenye shina la ubongo kinachoamsha umakini, panya wakajifunza upesi zaidi. Kwa hiyo labda saa peke yake hazitoshi, na mtu anayekivaa huku akiwaza mengine hapati kitu. Iwe ni sauti yenye maana kwake.

#19 Mzee_wa_Pugu

Panya na mama wa watu ni mbali, mwanangu. Lakini hilo la maana nalikubali. Mke wangu asiyesikia vizuri, ukitaja pesa anasikia kutoka chumba cha pili.

#20 MamaJunior77

Mzee, muache mama apumzike! Ila ni kweli, mwanangu alilishika «toka» kwa sababu kuku walikimbia. Kwa mtu mzima jaribuni maneno anayoyajua kwa moyo, kama sala ya Baba Yetu, msome polepole huku yeye akifuata kwa kidole kwenye maandishi. Halafu mruke neno moja muone kama atagundua.

#21 MwanaMoro

Narudi baada ya wiki 5, samahani kwa ukimya. Kliniki walikuta vifuniko vya maikrofoni vimeziba, wakabadilisha. Wakakuta pia kwamba kiwango cha juu cha elektrodi nne za sauti nyembamba kilikuwa chini, wakapandisha hatua kwa hatua huku wakimtazama usoni. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha wastani wa saa 2 na dakika 40 kwa siku, pungufu hata ya tulivyodhani. Sasa anafika saa 9 au 10.

«S» ameipata siku ileile. Kuitambua kulichukua wiki tatu. Tulitumia maneno mawili tu, «suka» na «shuka», kwa ile fremu ya kutarizia. Siku za kwanza, katika mara 20 alipata 9 hadi 11, yaani kubahatisha. Wiki ya pili 14. Juzi alipata 18, na akaniambia kwamba «shuka» inaanza kama mafuta kwenye kikaango na «suka» inaanza kama chatu. Sijui ubongo wake ulizitoa wapi picha hizo, ila ndizo anazotumia. «Mimi» imekuwa «mimi». Baba bado ana sauti nyembamba, lakini anasema siyo filimbi tena, ni kijana wa kidato cha kwanza.

#22 Fundi_Redio

Vifuniko na elektrodi nne. Nimemaliza.

#23 Mdadisi_Arusha

Hukumaliza, Fundi. Kama ni vifuniko tu, mbona «s» ilipatikana siku moja na kutambuliwa wiki tatu baadaye? Mashine ilikuwa ileile siku zote hizo.

#24 Odiolojia_Pwani

Na katika wiki hizohizo saa za kuvaa zimepanda mara tatu, ramani imebadilishwa, na mazoezi yameanza. Vitu vitatu vimebadilika kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kusema kwa uaminifu ni kipi kilichofanya kazi kubwa. Hata umri wa neva yake unachangia. Ninachotegemea ni kwamba maneno kwenye chumba tulivu yatazidi kukaa vizuri, na sokoni patabaki pagumu kwa muda mrefu, kwa sababu njia 8 hazitoshi kutenganisha sauti ya mtu mmoja na za watu ishirini.

#25 KimyaKingi

MwanaMoro, na muziki je? Kwangu mimi ngoma ni nzuri, uimbaji ni kelele.

#26 MwanaMoro

Hivyo hivyo. Jumapili kanisani alipiga makofi sawasawa na kwaya mwanzo hadi mwisho, lakini wimbo wenyewe hakuutambua mpaka nilipomwandikia jina lake. Alipolisoma akasema, «Ahaa, sasa nausikia.» Nimejiuliza tangu siku hiyo kama aliusikia kweli au aliukumbuka. Odiolojia, kuna njia ya kupima hilo?

#27 Odiolojia_Pwani

Ipo. Mwandikie jina la wimbo mmoja, kisha mchezee mwingine wenye mapigo yaleyale, bila maneno. Akisema ndiyo huo, alikuwa anakumbuka. Mfanyie mara 10 na ulete majibu hapa, usimwonyeshe uso wako wakati unachagua.